Kufuta ujumbe bila kumvunjia mtu heshima

Tuchukue kundi la WhatsApp la mtaa mmoja wa Dar es Salaam. Saa mbili usiku, mama mmoja anarusha picha ya kijana akiwa juu ya pikipiki, namba ya chombo ikisomeka vizuri, na chini yake maneno haya: "Jamani huyu ndiye mwizi wa mitungi ya gesi. Leo kaniibia wa kilo 15. Yuko kijiwe cha sokoni, sambazeni mpaka apatikane." Ndani ya dakika chache watu wameanza kuulizana nani yuko karibu na sokoni.

Msimamizi wa kundi, ambaye kwa umri ni kama mwanawe, anaufuta. Hapo amefanya sawa, na sababu si adabu tu. Mama hakumwona kijana akibeba mtungi. Alimwona amesimama getini jioni ile. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Tena kila msomaji wa magazeti anaijua habari ya "wananchi wenye hasira kali" na jinsi inavyoishia. Picha ya aina hiyo ikikaa saa nzima, huenda ikafika kijiweni kabla ya polisi.

Kufuta ni kazi ya sekunde mbili. Kazi kubwa ni yale maneno yanayofuata, kwa sababu WhatsApp yenyewe imeshamweka mama hadharani. Tangu mwaka 2022 wasimamizi wanaweza kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote kwa wote, lakini nafasi yake haipotei: panabaki alama inayoonyesha kwamba ujumbe wa fulani umefutwa na msimamizi. Wanakundi wote wanaona nani kafutiwa, na wachache ndio wanaojua kwa nini. Msimamizi akinyamaza, kila mmoja atajaza sababu yake.

Wengi hukimbilia kuandika palepale kundini: "Wengine tuwe tunatumia akili kabla ya kutuma vitu. Hatutaki uchochezi humu." Jina halikutajwa, lakini hakuna asiyejua anasemwa nani. Kijembe cha namna hii huuma kuliko kutajwa waziwazi, maana anayelengwa hawezi hata kujitetea bila kukubali kwamba ndiye. Mama atajibu kwa hasira, au atatoka kundini, na taarifa ya wizi, ambayo majirani waliihitaji, itaondoka naye.

Mwanazuoni wa Australia, John Braithwaite, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu uhalifu na aibu, alitenganisha namna mbili za kumkemea mtu. Moja hulikataa tendo na kumwachia mtu mlango wa kurudi. Nyingine humbandika mtu jina la ubaya, akabaki nje na wenzake wa nje. Msimamizi anayejibu vizuri anafanya ile ya kwanza: kosa analiweka kwenye ujumbe, na mwenye ujumbe anabaki jirani.

Kwa hiyo msimamizi wetu amwandikie mama faragha, mapema, kabla hajasema lolote kundini. Ujumbe wake unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mama. Pole sana kwa mtungi. Nimeufuta ujumbe wako wa saa mbili kwa sababu ulikuwa na picha na namba ya pikipiki ya mtu ambaye bado anashukiwa tu. Kanuni ya tatu ya kundi hairuhusu kumtaja mtu kwa tuhuma ambayo haijafika kwa mwenyekiti au polisi. Habari ya wizi yenyewe tunaihitaji: tafadhali iandike tena, useme siku, saa na mahali, bila picha. Ile picha usiifute kwenye simu, nenda nayo kituoni ukachukue RB. Ukiona sikutenda haki, mwambie katibu, ataliangalia upya."

Tuuangalie kwa karibu. Salamu na pole zimetangulia kwa sababu mama ameibiwa kweli, na mtu aliyepatwa na hasara hasikii kanuni kabla ya kusikia pole. Lakini pole ni sentensi moja. Msimamizi akizidisha kubembeleza, sababu inazama, na mama atamaliza kusoma bila kujua afanye nini.

Halafu amesema "nimeufuta", si "umefutwa". Anayekata shauri anajitaja, ili mwenye malalamiko ajue aende kwa nani. Lakini akifika kwenye kosa, anayezungumziwa ni ujumbe: "ulikuwa na picha". Hakuandika "ulitaka kumchafua kijana wa watu", kwa kuwa nia ya mama haijui. Hakuuliza "hukujua kwamba ni kosa?", swali ambalo halina jibu lisilo la kudhalilisha. Na sababu ni moja, mahususi, iliyomo kwenye kanuni za kundi tangu zamani. Kanuni inayotungwa baada ya kosa huonekana imetungwa kwa ajili ya mtu.

Kiini cha jibu ni sehemu inayoeleza kilicho halali. Mama hakukosea kutoa habari ya wizi. Kilichozidi ni picha, namba na ule wito wa kusambaza. Akionyeshwa mpaka huo, anaweza kuandika upya usiku uleule. Mwaka 2019 watafiti Shagun Jhaver, Amy Bruckman na Eric Gilbert, waliochunguza machapisho yaliyoondolewa kwenye mtandao wa Reddit, waliona kuwa waliopewa maelezo walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufutiwa tena siku za mbele.

Baada ya hapo ndipo kundi liambiwe, kwa ufupi: "Majirani, kuna picha iliyoondolewa humu kwa sababu ilimhusisha mtu na tuhuma ambayo haijathibitishwa. Aliyeihifadhi asiisambaze. Ni kweli mtungi wa kilo 15 umeibwa leo jioni. Mwenye taarifa ampigie mwenyekiti." Sentensi ya tatu ndiyo inayomsitiri mama: majirani wanajua hakuzua, ameibiwa. Msimamizi pia apitie waliomjibu mama kwa kunukuu, kwani maneno yaliyofutwa huweza kubaki ndani ya nukuu zao.

Njia hii ina mipaka. Picha ya utupu ya mtoto au tishio la kuua halina cha "iandike upya". Huondolewa na kupelekwa polisi. Na mtu anayerudia jambo lilelile mara ya tatu anastahili onyo lenye tarehe na matokeo, kwamba akirudia ataondolewa. Hata onyo hilo liandikwe kwa lugha ileile ya tendo na kanuni. Ukali uwe kwenye matokeo, maneno yabaki ya kawaida.

Kipimo cha jibu zuri ni chepesi. Kabla ya kulituma, lisome kana kwamba mama atalipiga skrinshoti na kulirusha kundini, kwa sababu huenda akafanya hivyo. Ukikuta sentensi ambayo ungeona aibu majirani waione, ifute hiyo kwanza. Wewe unayesimamia kundi, andika kanuni zako na jibu la mfano leo, wakati hakuna aliyekasirika. Saa mbili usiku, picha ikiwa imesharushwa, hutapata utulivu wa kuchagua maneno.