Unywele Hunywa Hewani

Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alichapisha maelezo ya chombo alichokibuni cha kupimia unyevu wa hewa. Ndani yake aliweka unywele wa binadamu uliosafishwa mafuta yake yote, akaunyoosha na kuuunganisha na mshale mdogo. Hewa ilipokuwa na unyevu, unywele ulirefuka na mshale ukasogea. Hewa ilipokauka, unywele ulifupika na mshale ukarudi. Tofauti ni ndogo, kama asilimia 2 tu ya urefu, lakini ni ya kuaminika kiasi kwamba vyombo vya aina hiyo viliendelea kutumika katika vituo vya hali ya hewa hadi karne ya 20.

Ninapowafundisha wasusi, huanza na chombo hicho. Unywele ule ulikuwa umeshakatwa kichwani. Hakuna aliyeunywesha maji kupitia tumbo la mtu, na bado uliloa na kukauka kila siku kwa kufuata hewa iliyouzunguka.

Nilimkumbuka Saussure siku alipokuja dada mmoja aliyehamia Dodoma kikazi akitokea Tanga. Kule nyumbani nywele zake zilikuwa laini. Miezi minne baada ya kuhama, katikati ya kiangazi, zikawa kama makumbi, zinakatika kila akipitisha chanuo. Alikuwa amebeba chupa kubwa ya maji mkononi. "Mwalimu," aliniambia, "nakunywa lita tatu kila siku, mwezi wa pili sasa. Niongeze ziwe nne?"

Nilimwomba asiongeze. Kisha nikamwonyesha ncha ya utepe mmoja wa nywele zake. Ukiunyoosha ulifika sentimita 24. Nywele za kichwani hukua kwa wastani wa sentimita 1 kwa mwezi, na zetu za kipilipili hupungukiwa kidogo hapo. Kwa hiyo ncha ile ilitoka kichwani zaidi ya miaka miwili kabla ya siku hiyo. Ilikuwa imeshaoshwa mara nyingi, imepigwa draya, imetiwa dawa mara mbili na kusukwa mara nyingi zaidi. Maji anayokunywa leo hayana njia ya kuifikia. Sehemu hai ya unywele ni ile ya chini tu, milimita chache ndani ya ngozi, ambako mishipa midogo ya damu huleta chakula na maji, na seli hugawanyika. Kabla hata ya kuchungulia nje ya ngozi, seli hizo huwa zimekwisha kujaa protini ngumu iitwayo keratini na kufa. Unywele unaouona ni uzi usio na damu, usio na mshipa wa fahamu. Ndiyo sababu kuukata hakuumi.

Na kule chini kwenye shina, je, maji ya ziada hayasaidii ukuaji? Mwili wa mtu mwenye afya huulinda wingi wa maji ndani ya damu kwa ukali mkubwa. Ukinywa lita moja zaidi ya unayohitaji, figo huitoa kama mkojo ndani ya saa chache. Shina la unywele halipokei ziada yoyote, kwa sababu damu inayolifikia haijabadilika. Kunywa maji ukiwa na kiu, ongeza ukitoka jasho au ukiharisha, na utazame rangi ya mkojo: ukiwa mweusi kama chai, umepungukiwa. Lakini hiyo ni kwa ajili ya figo na damu.

Yako mambo ya ndani ya mwili yanayobadilisha nywele kweli, na ni vibaya yafunikwe na chupa ya maji. Ukosefu mkali wa protini huonekana kichwani: mtoto mwenye kwashiakoo nywele zake hupauka na kung'oka kwa urahisi, na akila vizuri kwa muda kisha akarudia njaa, unywele mmoja huweza kuwa na pingili za rangi iliyofifia na rangi nyeusi, kama kumbukumbu ya miezi iliyopita. Upungufu wa madini ya chuma huweza kupunguza nywele. Homa kali, upasuaji au kujifungua huweza kuzifanya zidondoke kwa wingi miezi miwili mitatu baadaye, wakati mwenyewe ameshasahau ugonjwa. Tezi ya shingo ikifanya kazi pungufu, nywele hukauka na kukwaruza, pamoja na uchovu, kuhisi baridi kupita kiasi, kufunga choo na kuongezeka uzito. Mtu mwenye dalili hizo aende hospitali akapimwe damu.

Dada yetu hakuwa na lolote kati ya hayo. Nilitandaza taulo jeupe mabegani mwake, nikachana taratibu, kisha tukaziangalia nywele zilizoanguka. Unywele uliotoka kwenye shina huwa mrefu na una kitone kidogo cheupe mwishoni. Kila mtu hupoteza kati ya 50 na 100 za namna hiyo kwa siku, na aliyesukwa wiki sita huziona zote siku moja anapofumua, fungu la kutisha ambalo kwa kweli ni la kawaida. Zake nyingi zilikuwa vipande vya sentimita mbili, tatu, bila kitone. Maana yake shina lilikuwa linaotesha vizuri, ila ncha zilikuwa zinakatika kwa kasi ileile. Wengi wanaosema nywele zao hazikui wako hapo.

Sasa tuje kwenye ukavu wenyewe. Katika hewa ya wastani, maji ni kama asilimia 15 ya uzito wa unywele. Katika hewa iliyoshiba unyevu yanafika karibu asilimia 30, na katika hewa kavu yanashuka chini ya 10. Tanga kuna bahari mlangoni. Dodoma wakati wa kiangazi upepo ni mkavu, na unywele hupatana na hewa ya mahali ulipo ndani ya saa chache, unywe lita moja au kumi.

Lakini hewa peke yake haimalizi habari. Unywele umefunikwa na magamba yanayolaliana kama makuti ya paa, na juu ya magamba kuna utando mwembamba sana wa mafuta ulioshikamana nayo tangu kuzaliwa kwa unywele. Utando huo ndio unaoufanya unywele mzima uteleze na ushindane na maji. Dawa ya kunyoosha nywele, ambayo pH yake huzidi 12, huung'oa. Dawa za kubadili rangi pia. Jua na msuguano huumaliza polepole kuelekea kwenye ncha. Magamba yakishabaki uchi, huinuka na kukwaruzana, na vidole hutafsiri mkwaruzo huo kuwa ukavu.

Hapa pana jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kila mwaka. Unywele ulioharibika hunywa maji mengi kuliko ule mzima, na kwa kasi zaidi. Ukidondosha tone la maji juu ya utepe uliotiwa dawa, linazama mara moja. Juu ya nywele changa karibu na ngozi, linaweza kukaa kama lulu kwa muda. Unywele "mkavu" basi haukosi uwezo wa kupata maji. Umekosa ulaini wa juu na umekosa uwezo wa kuyazuia. Na kila unapojaa maji hunenepa, kipenyo chake kikaongezeka kwa zaidi ya asilimia 10, kisha ukasinyaa unapokauka. Kunenepa na kusinyaa huko kukirudiwa mara nyingi huyachosha magamba. Kwa hiyo kupulizia maji matupu asubuhi, mchana na jioni, kama alivyokuwa akifanya dada huyu, kuliongeza tatizo. Maji yalikauka katika dakika chache za upepo wa Dodoma na nywele zikabaki zimesuguliwa mara moja zaidi.

Tulichobadilisha ni vitu vitatu. Cha kwanza ni mafuta ya nazi, lakini kabla ya kuosha. Mwaka 2003 watafiti wa India, Aarti Rele na R. B. Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini yanayotokana na petroli, wakakuta ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza protini inayopotea nywele zinapooshwa. Chembe za mafuta ya nazi ni ndogo na zimenyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele na kupunguza maji yanayouvimbisha. Alipaka vijiko viwili vya chakula Ijumaa usiku, akavitandaza kuanzia katikati hadi kwenye ncha, akajifunga kitambaa na kulala.

Cha pili ni kondishena, ambayo wengi huiruka wakiona ni anasa. Unywele ulioharibika una chaji hasi juu yake. Kondishena ina chembe zenye chaji chanya zilizobeba mkia wa mafuta. Zinanasa pale palipoharibika zaidi na kubaki hata baada ya kusuuza. Ndizo zinazokaa badala ya utando uliong'oka, kwa muda, hadi muosho ujao. Aliosha kwa maji ya uvuguvugu, shampuu kwenye ngozi ya kichwa tu, kisha akagawa nywele mafungu sita, akapaka kondishena zikiwa zinadondosha maji, akasubiri dakika tano na kuchana kwa chanuo la meno mapana, akianzia kwenye ncha kupanda juu.

Cha tatu ni kuziba. Alikausha kwa kubonyeza na fulana ya pamba, bila kusugua, na nywele zikiwa bado na unyevu akapaka kondishena nyepesi isiyosuuzwa, kisha mafuta ya nyonyo kidogo kwenye ncha. Mafuta si maji na hayaongezi maji. Hupunguza kasi ya maji kutoka na hulainisha magamba. Ndiyo maana anayepaka mafuta ya mgando juu ya nywele kavu kabisa hupata mng'ao na nywele zilezile ngumu. Glisirini nilimwambia aitumie kwa kiasi kidogo: kazi yake ni kushika maji, na katika hewa kavu kuna machache ya kushika, wakati Tanga ingeweza kuvuta mengi hadi nywele zikanata. Baada ya hapo alisuka mabutu makubwa, akalala na kitambaa cha satini, na chupa ya kupulizia akaiweka pembeni. Alirudia hayo mara moja kila wiki.

Ncha zilizopitiwa na dawa mara mbili hazikuwa na la kufanyiwa, kwa kuwa unywele hauna seli hai za kujiponya. Tulizikata, sentimita 6, naye aliumia kuziona sakafuni. Wiki ya nane alirudi na tukatandaza taulo lilelile. Vipande vifupi vilikuwa vichache, na nywele nyingi zilizoanguka zilikuwa ndefu, kila moja na kitone chake cheupe mwishoni.