Dumu la Sabuni na Faida Inayobaki Baada ya Kodi

Chukua kampuni ndogo ya Tanzania Bara inayotengeneza sabuni ya maji. Dumu moja la lita tano linaigharimu shilingi 8,000, na humo mna malighafi, chupa, mishahara, umeme na sehemu ya pango. Mwenye kampuni anataka, kodi zote zikishalipwa, abakiwe na asilimia 14 ya bei ya kuuzia. Auze bei gani?

Wengi huchukua 8,000, wakaongeza asilimia 14, wakapata 9,120. Hapo faida ni 1,120. Kodi ya mapato ya kampuni, asilimia 30, inaondoka na 336, na inabaki 784, ambayo haifiki hata asilimia 9 ya bei.

Hesabu hii inaanzia mwisho. Serikali ikichukua asilimia 30 ya faida, wewe unabaki na 70. Basi gawanya 14 kwa 0.70, upate 20: hiyo ndiyo faida kabla ya kodi, kwa kila mia ya bei. Gharama zinabeba 80 zilizobaki. Kwa hiyo 8,000 gawanya kwa 0.80, bei ni 10,000.

Kodi ya Ongezeko la Thamani huja mwisho kabisa, kwa kuwa si mapato yako. Unamkusanyia serikali tu. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, mteja atalipa 11,800. Kuitoa tena, gawanya 11,800 kwa 1.18. Ukikata asilimia 18 ya 11,800 unapata 2,124 badala ya 1,800, na bei yako halisi inapungua kwenye daftari bila sababu.

Aliyesajiliwa kwa kodi hiyo asiihesabu ile aliyolipa kwenye malighafi kuwa gharama, maana ataidai. Asiyesajiliwa hana pa kuidai, kwake ni gharama kamili.

Panapoumiza zaidi ni risiti. Tuseme katika ile 8,000, shilingi 500 zilienda kwa fundi asiyetoa risiti ya kielektroniki. Mamlaka ya Mapato ikiikataa gharama hiyo, faida inayotozwa kodi inakuwa 2,500, kodi 750. Mkononi unabaki na 1,250, yaani asilimia 12.5, ingawa bei haijabadilika hata senti.

Na kama jirani anauza dumu kama hilo 11,210, huna uhuru wa kupanga bei. Geuza hesabu: 11,210 kwa 1.18 ni 9,500. Asilimia 80 yake ni 7,600. Kabla ya kushusha bei, tafuta pa kupunguza shilingi 400 kwenye gharama. Usipozipata, asilimia 14 haipo kwenye soko hilo, na ni heri ulijue hilo kabla ya kuagiza chupa nyingine.