Kutoa Dondoo Zilizotiwa Rangi Katika Picha za Kurasa

Mwanachuo aliyeazima kitabu kwa jioni moja aghalabu huzipiga picha kurasa anazozihitaji kwa simu yake, kisha hukirudisha kwa mwenyewe. Kurasa hizo huwa zimekwisha kutiwa rangi ya manjano au ya kijani penye maneno ya maana. Mtihani ukaribiapo, hutaka kurasa sita zipungue ziwe nusu karatasi ya kudurusia. Kazi yaonekana nyepesi: nakili penye rangi, acha pasipo na rangi. Lakini rangi hukata sentensi vipande, na hapo ndipo makosa huzaliwa.

Tuanze na picha yenyewe. Chini ya taa ya mwanga wa manjano, wino wa manjano karibu hutoweka. Yafaa kupiga picha mchana, karibu na dirisha. Tujihadhari pia na programu za simu zinazosafisha picha za maandishi kwa kuzigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, kwani hufuta rangi yote. Simu nyingi za siku hizi huweza kunakili maandishi kutoka kwenye picha, lakini kwa kawaida huchukua ukurasa mzima bila kujali rangi. Kwa hiyo kuchagua hubaki kuwa kazi ya jicho.

Sasa tuitazame aya hii, tuliyoitunga kwa ajili ya mfano, na tuseme imo katika ukurasa wa 41:

"Malaria haienezwi na kila mbu. Huenezwa na mbu jike wa jamii ya anofelesi. Dume hafyonzi damu. Chakula chake ni majimaji matamu ya mimea. Jike huhitaji damu ili mayai yake yakomae, kisha huyataga juu ya maji. Katika nchi za joto, yai huwa mbu mzima kwa muda wa siku 10 hadi 14 hivi."

Yaliyotiwa rangi ni maneno haya manne tu: "mbu jike wa jamii ya anofelesi", "huhitaji damu ili mayai yake yakomae", "huyataga juu ya maji", "siku 10 hadi 14". Mwanachuo mmoja aliyanakili vivyo hivyo, moja chini ya jingine. Juma moja baadaye, akiwa katika mazoezi ya kufundisha, aliwaandikia watoto ubaoni kwamba mtu huanza kuugua siku 10 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu. Hatukuweza kumlaumu sana. Dalili za malaria nazo kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa, hivyo hesabu haikumshtua yeye wala sisi tuliokaa nyuma ya darasa. Hata hivyo, kitabu kilikuwa kikizungumzia yai la mbu. Watoto walipaswa kuelewa kwa nini maji yaliyotuama humwagwa kila juma, nao hawakuelezwa.

Dawa yake ni kuiuliza kila dondoo: ni nani, au ni nini kinachosemwa hapa? Ikiwa dondoo haijibu, turudi kwenye picha, tuchukue maneno machache ya sentensi ile ile, na kuyatia katika mabano:

"Uk. 41. [Malaria huenezwa na] mbu jike wa jamii ya anofelesi. [Jike] huhitaji damu ili mayai yake yakomae, [kisha] huyataga juu ya maji. [Katika nchi za joto, yai huwa mbu mzima kwa] siku 10 hadi 14 [hivi]."

Maneno ya mabano yatoke katika ukurasa, yasitoke kichwani. Mabano yenyewe yasiondolewe, maana ndiyo yanayotuonyesha kipi kilitiwa rangi na kipi tumekiongeza. Mwenye kudurusu atatamani pia kuandika habari za dume, kwa kuwa zapendeza. Azikumbuke akitaka, lakini hazikutiwa rangi, na dondoo zikianza kukaribisha kila kipendezacho, nusu karatasi itarudi kuwa kurasa sita. Neno dogo kama "hivi" ni jambo jingine: likiachwa, makadirio hugeuka kuwa hesabu kamili.

Mwisho huja kukagua, nako kwahitaji hesabu tu. Tuhesabu mabaka ya rangi katika kila picha, kisha tuhesabu dondoo za ukurasa huo. Katika mfano wetu ni manne kwa manne. Dondoo zikipungua, kuna baka tuliloruka, na mara nyingi ni lile lililo karibu na mshono wa kitabu, mahali ambapo ukurasa hupinda na kuingia kivulini. Na rangi ikifika hadi mstari wa mwisho wa ukurasa bila kituo, tufungue picha ifuatayo kabla ya kuandika lolote, kwani nusu ya sentensi imo huko.