Punguzo la Bei na Mteja Anayeweza Kuvuka Barabara

Duka la rejareja mtaani Dar es Salaam linauzwa. Ni yale maduka ambayo kila mtu huita kwa Mangi: unga, sukari, sabuni, vocha, na friji moja ya soda. Anayeuza anasema linaingiza faida ya shilingi 900,000 kwa mwezi, naye anataka shilingi milioni 30 kwa bidhaa, rafu, friji na jina. Je, ni bei nzuri?

Tuanze na ile faida. Mwenye duka anakaa kaunta tangu alfajiri hadi usiku lakini hajilipi mshahara. Ukimweka muuzaji kwa shilingi 350,000, na ukatenga 50,000 kila mwezi kwa siku friji itakapokufa, inabaki 500,000, yaani milioni 6 kwa mwaka. Hiyo ndiyo faida ya mwekezaji. Kama unataka pesa yako izalishe asilimia 20 kwa mwaka, kwa sababu duka ni hatari kuliko hatifungani ya serikali, thamani yake kwako ni milioni 6 gawanya kwa 0.20: milioni 30 kamili.

Benjamin Graham, aliyefundisha uwekezaji Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, angekwambia usilipe hizo milioni 30. Katika kitabu chake cha mwaka 1949, The Intelligent Investor, aliweka pengo la usalama kuwa kiini cha uwekezaji: lipa chini kabisa ya thamani uliyokadiria, kwa kuwa makadirio hukosewa. Tuseme unalipata duka kwa milioni 20. Ikitokea faida ya kweli ni milioni 4 badala ya 6, bado unapata asilimia 20 yako. Aliyelipa milioni 30 angeambulia asilimia 13 na ushee, kwa duka lile lile.

Lakini hesabu hiyo imechukulia kimyakimya kwamba faida itadumu. Hapo ndipo wengi huteleza. Mwakani mtu anafungua duka ng'ambo ya barabara, anashusha bei ya sukari, na kuzima taa saa moja baada yako. Mwaka wa kwanza unapata milioni 6, wa pili 4, wa tatu 2, kisha unafunga na kuuza bidhaa zilizobaki kwa milioni 6. Jumla ni milioni 18, nawe ulitoa 20. Punguzo la milioni 10 ulilojivunia halikuwepo, kwa kuwa duka halikuwahi kuwa na thamani ya milioni 30.

Kinachomzuia yule wa ng'ambo ndicho Warren Buffett, mwanafunzi wa Graham, alichokifananisha na handaki lizungukalo ngome. Kwa duka letu, lichunguze kwa ukali. Uwakala wa pesa za simu si handaki. Jirani naye ataupata. Kona iliyo karibu na kituo cha daladala ni handaki kweli, ila ni la mwenye fremu: mkataba ukiisha atapandisha kodi hadi faida ihamie kwake. Daftari la madeni lina nguvu zaidi, kwani muuzaji anajua nani hulipa mwisho wa mwezi na nani huhama usiku. Ujuzi huo, hata hivyo, umo kichwani mwa anayeuza, na ataondoka nao. Mimi ningeuliza jambo moja kwanza: mara ya mwisho mshindani alipofungua karibu, faida ilifanya nini? Ikiwa ilishuka na haikurudi, ningeondoka hata kwa bei ya milioni 15.

Kwa kampuni kubwa, kipimo ni kile kile. Mwaka 1972 kampuni ya Buffett ilinunua See's Candies, watengenezaji wa chokoleti wa California, kwa dola milioni 25. Faida kabla ya kodi ilikuwa chini ya dola milioni 5, na mtaji uliohitajika kuiendesha ni milioni 8. Wakalifornia walioizoea kama zawadi ya sikukuu hawakuiacha bei ilipopanda mwaka hadi mwaka. Kufikia 2007 faida ya mwaka ilikuwa dola milioni 82, kwa mtaji wa milioni 40 tu. Mwanzoni wauzaji walitaka dola milioni 30, na Buffett hakuwa tayari kuvuka 25. Kwa hesabu ya baadaye, hata hizo 30 zingekuwa bei rahisi, kwa sababu handaki pana huongeza thamani kila mwaka na pengo la usalama hukua baada ya kununua. Duka lisilo na handaki huenda kinyume: kila mwaka unaopita, thamani inaishukia bei uliyolipa, na hatimaye inapita chini yake.