Umemaliza Kulipa Mkopo? Itisha Barua

Tuseme umelipa awamu ya mwisho, shilingi 2,150, Ijumaa jioni. Ujumbe wa malipo umeingia, ukajua mambo yamekwisha. Lakini mkopeshaji ameingiza malipo hayo Jumatatu, na katikati hapo riba imeongeza shilingi 38. Kwa rekodi zake bado unadaiwa.

Ujumbe wa malipo unaonyesha tu kwamba pesa imetumwa. Barua ya mkopeshaji ndiyo inayosema mkopo umefungwa.

Kwanza muulize salio. Kama kuna kitu kimebaki, maliza. Kisha mwandikie kwa barua pepe, ili ombi lako liwe na tarehe:

“Naomba barua ya kuthibitisha nimemaliza mkopo nambari ___. Nililipa mara ya mwisho shilingi ___ tarehe ___, nambari ya muamala ___. Tafadhali taja kuwa salio ni sufuri.”

Ongeza jina kamili, nambari ya kitambulisho na ya simu uliyokopea. Namba yako ya siri haihitajiki hapo, usiitume.

Barua ikifika, isome vizuri. “Tumepokea malipo yako” si sawa na “hudaiwi chochote.” Ikikosa salio au nambari ya mkopo, irudishe irekebishwe.

Barua hii si cheti cha CRB. Baada ya wiki chache, itisha ripoti yako ya CRB. Una haki ya kupata moja bure kila mwaka. Deni likiwa bado linaonekana, ambatisha barua hiyo kwenye malalamiko yako.