Kutoa Miamala ya Benki Kwenye PDF: Salio Ndilo Shahidi

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akiomba taarifa ya akaunti, ile wengi tunayoiita stetimenti, benki humpa faili la PDF. Mhasibu wake anataka Excel. Akinakili ukurasa na kuubandika huko, mara nyingi tarehe, maelezo na fedha hurundikana katika safu moja. Sababu ni kwamba PDF nyingi za benki hazina jedwali ndani yake. Zina herufi tu, kila moja ikiwa imepangiwa mahali pake kwenye karatasi. Kinachoonekana kama safu ni nafasi tupu kati ya maneno, na programu inayotoa data hulazimika kukisia safu inaanzia wapi.

Kabla ya yote, jaribu kuchagua mstari mmoja kwa kipanya. Maneno yasipochaguka, hiyo ni picha iliyoskaniwa. Irudishe benki uombe faili lililotoka moja kwa moja kwenye mfumo wao, maana programu za kusoma picha zaweza kusoma 8 kuwa 3.

Maneno yakichaguka, tumia Tabula. Ni programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Naipendelea kuliko tovuti za kugeuza mafaili, ambako unakabidhi majina ya wateja wako na salio lako kwa watu usiowajua. Zungushia jedwali, chagua `Stream` kama halina mistari iliyochorwa au `Lattice` kama linayo, kisha hifadhi CSV.

Faili hilo usilifungue kwa kubofya mara mbili. Excel iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itasoma 05/03/2024 kuwa tarehe 3 Mei, huku 25/03/2024 ikibaki maandishi kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Pitia `Data > From Text/CSV` na uchague `Do not detect data types`. Baada ya hapo ichague safu ya tarehe, fungua `Text to Columns`, na katika hatua ya mwisho chagua `Date: DMY`. Safu za fedha zipitishe hapohapo, moja moja, kwa `General`, ili ziwe namba kweli. Fedha iliyobaki maandishi hurukwa na `SUM` bila onyo lolote.

Sasa tuseme A ni tarehe, B maelezo, C fedha iliyotoka, D iliyoingia na E salio. Usumbufu mkubwa uko kwenye B. Maelezo marefu hukatwa, na kipande cha pili hushuka kuwa mstari wake. Wengi hufuta kila mstari usio na tarehe, na hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa kuwa zipo benki zinazoandika tarehe mara moja tu kwa miamala yote ya siku hiyo. Tazama salio badala yake: kama taarifa yako huonyesha salio kwa kila muamala, mstari usio na salio ni mwendelezo wa ule ulio juu yake. Viunganishe katika safu mpya:

```
=IF(E4="",B3&" "&B4,B3)
```

Nakili matokeo na uyabandike kama `Values`, ndipo ufute mistari isiyo na salio na ujaze tarehe zilizoachwa wazi.

Kisha muite shahidi. Salio la juu, ukiongeza kilichoingia na kutoa kilichotoka, lazima lilingane na salio la mstari huu:

```
=ROUND(N(E2)+N(D3)-N(C3)-N(E3),2)
```

Jibu liwe sifuri kila mstari, ikiwa taarifa imepangwa kuanzia muamala wa zamani. Chukua salio la 1,590,000. Muamala unaofuata umetoa 400,000, na salio limeandikwa 1,187,500. Fomula inajibu 2,500. Maana yake kuna 2,500 iliyotoka lakini haikunaswa, labda ada iliyokuwa chini kabisa ya ukurasa, nje ya eneo ulilozungushia. Tofauti ikiwa mara mbili ya kiasi cha mstari wenyewe, basi fedha imeangukia safu isiyo yake, iliyoingia ikahesabiwa kuwa imetoka.

Sifuri zikijaa, tengeneza safu moja ya kiasi, ambamo kilichotoka kina alama ya kutoa:

```
=N(D3)-N(C3)
```

Mhasibu mpe tarehe, maelezo na kiasi hicho. Ila salio halijui lolote kuhusu tarehe wala maelezo, kwa hiyo hayo mawili yakague kwa macho dhidi ya PDF kabla ya kutuma, hasa kila ukurasa unapoanzia na unapoishia.