Kwa Nini Uliacha Kazi? Jibu Lisilomtaja Bosi

Swali la sababu ya kuacha kazi huja mapema kwenye usaili, mara nyingi baada ya kueleza elimu na uzoefu wako. Aliyeondoka kwa heri hulimaliza kwa sentensi moja. Aliyemkimbia meneja mkali hubaki akijiuliza: nikisema yote wataniona mlalamishi, nikificha yote nitadanganya, nifanyeje? Jibu lake linapatikana, ila lazima liandaliwe nyumbani. Mbele ya jopo, hasira huwahi kutoka kabla ya maneno.

Tuchukue mfano wa afisa mikopo katika taasisi ndogo ya fedha mjini Mwanza. Kazi yake ni kutembelea vikundi vya akina mama sokoni, kukusanya marejesho na kufuatilia walioshindwa kulipa. Kila asubuhi meneja wa tawi huwafokea maafisa mbele ya wenzao. Jioni huweka kwenye kundi la WhatsApp majina ya wenye mikopo chechefu. Lengo la mwezi likikaribia kufikiwa, hulipandisha. Jumapili simu inaita. Dada huyu anavumilia zaidi ya mwaka, kisha anaandika barua ya kuacha kazi kabla hajapata nyingine. Sasa ameitwa kwenye usaili wa taasisi kubwa zaidi.

Kwanza aelewe kinachotafutwa na waulizaji. Jopo halina nia ya kuamua nani alimkosea nani, na haliwezi, maana upande mmoja haupo chumbani. Linataka kujua mambo mawili: je, huyu ataondoka hapa pia likitokea jambo dogo, na akiondoka atatusemaje? Hadithi ya bosi mbaya, hata ikiwa kweli tupu, haijibu lolote kati ya hayo. Tena sekta ya mikopo midogo ni finyu. Mameneja huhama taasisi moja kwenda nyingine, na mmoja wa wanaomsaili anaweza kuwa aliwahi kufanya kazi na huyo anayelalamikiwa.

Siku kadhaa kabla ya usaili, aandike yote kwenye karatasi, machungu yake yote, bila kuchagua maneno. Halafu asome kila mstari na kujiuliza: hili ni tabia ya mtu, au ni namna kazi ilivyopangwa? “Alikuwa mkorofi” ni tabia. “Malengo yalibadilika katikati ya mwezi” ni mpangilio wa kazi. Mistari ya tabia aifute yote. Katika iliyobaki achague mmoja tu, ule unaohusiana zaidi na kazi anayoiomba. Wengi hukosea hapa: wana sababu nne za kweli, na wanadhani zote nne zitawatetea vizuri zaidi. Sababu moja husikika kama uamuzi. Nne husikika kama malalamiko.

Mstari uliobaki aupime hivi: kama meneja wake wa zamani angekuwa amekaa pale, angeweza kuukana? Nauona huu kuwa mpimo bora kuliko mingine, kwa sababu siku moja simu inaweza kupigwa kwake kweli. Meneja atakana kwamba alimdhalilisha mtu. Hatakana kwamba malengo yalibadilishwa.

Jibu lake basi linaweza kuwa hivi: “Nilifanya kazi pale kama afisa mikopo na nilijifunza sana ufuatiliaji wa marejesho ya vikundi. Malengo yetu yalikuwa yakibadilika katikati ya mwezi, na mimi hufanya kazi vizuri zaidi ninapojua tangu mwanzo ninapimwa kwa lipi. Nilitoa notisi, nikakabidhi wateja wangu, nikaondoka. Nimeomba hapa kwa sababu tangazo lenu linasema maafisa hupangiwa malengo ya robo mwaka.” Hilo halifikishi dakika moja. Linaanza na alichokipata, linataja jambo moja linalothibitika, linaonyesha aliondoka kwa utaratibu, kisha linahamia kwenye kazi iliyo mbele. Baada ya hapo anyamaze. Ukimya unaofuata mara nyingi ni wa waulizaji wanaoandika, lakini msailiwa mwenye wasiwasi huuziba kwa “yaani, kwa kweli yule bosi…” na kubomoa alichokijenga.

Sentensi ya notisi asiiache. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, atoe notisi isiyopungua siku 28. Anayesema alitoa notisi na kukabidhi anawaambia bila kujisifu kwamba hata pale palipomuumiza hakutoka kwa kususa. Kama hakufanya hivyo, asiiseme. Amtafute msimamizi mwingine aliyeiona kazi yake na kumweka awe mdhamini.

Kuna mwuliza maswali atakayechimba: “Kwa hiyo hukuelewana na meneja wako?” Kusema “tulielewana kabisa” ni uongo, na uso huufichua. Aseme: “Tulitofautiana juu ya kupanga kazi. Nilizungumza naye, nikaona anachokihitaji yeye na ninachokiweza mimi havikutani.” Kwa sentensi hiyo hajamsifu mtu asiyestahili wala hajamshitaki. Wakiuliza kama wanaweza kumpigia, asikatae. Awaambie idara ya rasilimali watu itathibitisha cheo na tarehe, na awape jina la msimamizi anayeifahamu kazi yake ya kila siku.

Mazoezi yafanyike kwa sauti. Ajirekodi kwenye simu, kisha asikilize. Akisikia “siku zote”, “kamwe”, “yule” au “wale”, bado anagombana. Sauti ikipanda kwenye neno malengo, jeraha bado bichi, na arudie hadi aweze kulitamka kama anavyotaja tarehe yake ya kuanza kazi.

Njia hii ina mpaka wake. Yapo mambo ambayo kuyaita tofauti za mpangilio ni kujidhulumu: kudaiwa rushwa ya ngono, kupigwa, kunyimwa mshahara. Anayetoka huko anaweza kusema, “Kulikuwa na jambo la usalama wangu kazini, nikaona ni busara kuondoka. Naomba nisiingie kwenye undani wake.” Jopo lenye adabu litaishia hapo. Kunyamaza kwenye usaili hakumaanishi kunyamaza kila mahali. Sheria hiyo hiyo inatambua kwamba mwajiri aliyefanya kazi isivumilike hadi mfanyakazi akaacha, anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye aliyemwachisha. Madai hayo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ikome, na huko ndiko majina na ushahidi vinakohitajika. Muda huo hupita haraka, kwa hiyo asisubiri hadi apate kazi mpya.

Afisa mikopo wetu bado ana nafasi moja. Jopo linapomuuliza kama ana swali, aulize: “Mara malengo ya robo mwaka yakishapangwa, nani ana mamlaka ya kuyabadilisha, na maafisa hujulishwaje?” Wakimweleza utaratibu ulioandikwa, ajue amepata alichokifuata. Wakimjibu kwamba inategemea meneja wa tawi, basi aulize ni tawi gani atakalopangiwa, na awatafute maafisa wa tawi hilo azungumze nao kabla ya kutia saini mkataba.